Nilibishana na Ratiba, Meli Ikatuacha

Jamani, leo najisema mwenyewe. Napanga ratiba kwenye kiwanda kidogo cha mafuta ya nazi hapa Mwabungo, na ile ERP mpya nilikuwa siiamini hata kidogo. Nina daftari langu, ya nini kompyuta?

Tukapata oda ya kontena moja. Bandari ya Mombasa ingefunga kulipokea Ijumaa asubuhi. Mfumo ukasema tuanze kukamua Alhamisi ya wiki iliyotangulia. Nikacheka. Kukamua ni siku tatu tu! Nikasogeza hadi Jumatatu.

Kumbe mfumo huhesabu kutoka siku ya mwisho kurudi nyuma. Alhamisi ni kuvuka Likoni. Jumatano, kujaza chupa. Jumanne, kupima unyevu. Jumapili na Jumatatu mafuta yametulia tu kwenye tangi, machicha yazame. Mimi nilihesabu mashine, kusubiri sikukuhesabu.

Jumatano jioni tulimaliza kukamua, nikajiona shujaa. Alhamisi mafuta bado yana ukungu. Ijumaa bandari ikafunga, kontena letu liko uwanjani, tupu.

Na mfumo wenyewe haujui nazi. Zile siku mbili za tangi aliziingiza fundi wetu wa matangi, mtu ambaye sikuwahi kumuuliza chochote. Angeandika uongo, nao ungetudanganya vilevile.

Meli nyingine ilikuja baada ya wiki. Kina mama wanaotufulia nazi wakasubiri pesa yao wiki hiyo nzima, na wao hawakubishana na mtu.