Simu inaita, muuzaji anakujua: namba, daftari na jina la mteja

Ukipiga simu kuagiza mbegu kwenye baadhi ya maduka ya Kariakoo, muuzaji anapokea akisema, "Shikamoo mama, vitunguu vya mara ile vimeotaje?" Wengine mmeniuliza kama wamewekewa mtambo. Wenye maduka makubwa wanao: namba yako hufika pamoja na mlio, kabla hujapokelewa, programu ikaitafuta kwenye daftari la wateja na kufungua ukurasa wako. Lakini duka dogo nililolitembelea karibu na Mtaa wa Msimbazi linatumia simu ya kawaida ya Android na faili la Excel, na hata wewe unayeuza pembejeo kijijini unaweza.

Kazi kubwa iko kwenye namba zenyewe. Daftari la duka lile liliandikwa na watu watatu. Mteja mmoja, tuseme namba yake ni 0700 000 123, alionekana mara tatu: mmoja aliandika hivyo, mwingine akaandika +255700000123, na wa tatu aliiandika bila nafasi, Excel ikala sifuri ya mbele ikabaki 700000123. Kwa macho yetu ni mtu yule yule. Kwa kompyuta ni wateja watatu, na manunuzi yake yamegawanyika mara tatu.

Angalia kinachofanana: tarakimu tisa za mwisho. Basi namba ikiwa kwenye kisanduku A2, kisanduku cha pembeni kinaandikwa hivi:

```
="+255"&RIGHT(SUBSTITUTE(A2," ",""),9)
```

Inaondoa nafasi, inachukua tarakimu tisa za mwisho, inatanguliza +255. Zote tatu zinakuwa +255700000123. Ukishapanga safu hiyo kwa mfuatano, waliojirudia watakaa pamoja uwaunganishe. Kagua pia tarakimu inayofuata baada ya 255. Namba ya simu ya mkononi hapa kwetu itakuwa na 6 au 7, na ya mezani huanza na 2, kama 22 ya Dar es Salaam. Ukiona kingine, mara nyingi tarakimu imepungua, au mtu aliandika namba kwa vistari. Na aliyebana namba mbili kwenye kisanduku kimoja atapoteza ya kwanza, kwa hiyo zitenganishe kabla.

Baada ya hapo unahifadhi kwenye majina ya simu. Simu inapoita, kioo kinaonyesha jina tu, maelezo ya chini hayaonekani. Kwa hiyo historia fupi inaingia kwenye jina, na la muhimu linatangulia maana jina refu hukatwa: "Mama Mkuranga, kitunguu, Machi". Deni wale wa dukani hawaliandiki wazi, kwa sababu simu hulala juu ya kaunta na wateja wengine wanasoma. Wanaweka herufi D mwishoni, kiasi kinabaki kwenye daftari. Hapo nawaunga mkono, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo haitaki habari za mtu zianikwe.

Sasa sehemu inayoleta ugomvi. Jina kwenye kioo linakuambia laini, halikuambii mdomo unaoongea. Vijijini simu moja hutumiwa na nyumba nzima. Siku nilipokuwa pale, namba ya mteja wa Mkuranga iliita, kijana wa dukani akaona D, akaanza moja kwa moja: "Mama, ile elfu sitini vipi?" Kumbe aliyepiga ni shemeji yake, kaazima simu aulize bei ya dawa ya nyanya. Mama akapiga baadaye mwenyewe, na hakupiga kuagiza.

Mwenye duka akabadilisha utaratibu siku ile ile. Kwanza salamu, kisha "naongea na nani?" Habari ya deni au mzigo uliopita muuzaji haitaji yeye. Anauliza, "mara ya mwisho ulichukua nini?", halafu analinganisha jibu na kilichoandikwa. Utaratibu huo unakamata na jambo lingine: laini isiyotumika muda mrefu hurudi kwa kampuni ya simu na kuuzwa kwa mtu mwingine. Anayejibu kwamba hajawahi kununua kwenu huenda anasema kweli, na jina hilo lifutwe kwenye namba hiyo, ila ukurasa wa mteja wa zamani ubaki mpaka apatikane kwa namba mpya.

Kwa mzigo wa mkopo, duka lile halitumi kwa kuona jina tu. Wanakata simu na kumpigia mteja wenyewe kwa namba ya pili iliyoko daftarini, ya mume, mke au jirani aliyemtaja siku ya kwanza. Wewe unayeagiza kutoka kijijini, wape namba hiyo ya pili mapema, na ukibadilisha laini uwaambie kabla gari la mzigo halijaondoka.