Simu Moja, Mikono Mitano



Nyumbani kwetu kuna simu moja ndogo ya kubonyeza, na mikono inayoishika ni mitano: mama, koko, na sisi watoto watatu. Mkubwa wetu, ambaye sote twamwita yaya, hayupo. Alikwenda Omate, katika teritwari ya Walikale, kuchimba dhahabu. Huko naye hana simu yake mwenyewe. Hutumia ile ya wenzake wa shimo, na hupanda kilimani kutafuta mtandao. Basi namba ni moja huku na moja kule, lakini wanaosema ndani yake ni wengi.

Kwa muda mrefu hatukuona taabu yoyote katika jambo hilo, mpaka jioni moja. Mdogo wetu wa kike alikuwa ameandika: "Jambo yaya. Uko?" Jibu lilipochelewa, aliiacha simu juu ya mkeka akaenda kuteka maji. Mama akarudi kutoka shambani, akaona mazungumzo yamefunguliwa, naye akaongeza maneno mawili: "Unakula vizuri?" Kule kilimani yaya alisoma yote mawili kama sauti moja. Neno "yaya" lilimhakikishia kwamba anasema na mdogo wake, akajibu kwa mdogo wake: "Udongo uliniangukia shimoni, mguu umevimba, sitembei. Usimwambie mama."

Aliyesoma ni mama. Hakulia. Aliiweka simu chini polepole, akaendelea kuwasha moto. Baadaye alituambia kwamba mguu ulimwogopesha, lakini sentensi ya mwisho ndiyo iliyomnyima usingizi.

Tulipokaa kulitafakari tukio hilo, hatukumpata mwenye kosa. Mama hakuiba ujumbe, na yaya hakukosa heshima. Tulichogundua ni kwamba kosa lilipita katika lugha yenyewe. Kifaransa cha shule huandika tofauti mwanamume akisema amefika na mwanamke akisema vivyo hivyo. Kiswahili chetu hakifanyi hivyo: "nimefika" ni ya baba, ya mama, ya mtoto na ya mgeni. "Unakula vizuri?" inaweza kutoka kinywani mwa yeyote. Tena ujumbe mmoja wa simu kama yetu huchukua herufi 160 tu, na yunite zinanunuliwa kwa shida. Nani atapoteza nafasi kwa kuandika jina lake kila mara? Katika Kiswahili, anayesema hutambulika kwa namna anavyomwita mwenzake. Mama akiacha kuandika "mwanangu", amejificha bila kukusudia.

Lakini kuna dawa moja mbaya, nayo ndiyo iliyomjia yaya kwanza. Wiki iliyofuata, kila ujumbe wetu aliujibu kwa swali: "Ni nani huyo?" Siku ya tatu swali hilo lilimwangukia koko, aliyekuwa amemsomea mjukuu mmoja maneno ya kuandika, kwa sababu yeye mwenyewe hasomi. Koko akanyamaza, kisha akasema kwamba hajawahi kuulizwa yeye ni nani na mtoto aliyembeba mgongoni. Kwetu, kumuuliza mkubwa jina lake mlangoni ni kama kumwambia hatambuliki. Tangu siku hiyo hakutaka tena kutuma salamu.

Hivyo tukatafuta njia nyingine, nayo haikuja mara moja. Tulianza na ufunguzi. Anayetuma salamu ya kwanza bila kujua nani ameshika simu upande wa pili, asisalimie mtu mmoja, asalimie nyumba. "Hamjambo hapo?" haikosei mtu. Mama ataijibu kama mama, mchimbaji mwenzake ataijibu kama mwenzake, na katika jibu lenyewe kila mmoja atajitaja kwa jinsi anavyoita. "Hatujambo, mwanangu" imekwisha kusema yote.

Kisha tukakubaliana juu ya kupokezana. Anayeichukua simu katikati ya mazungumzo asiendeleze sentensi ya aliyetangulia. Aanze upya kwa salamu yake, hata kama ni fupi. "Jambo mwanangu" ni maneno mawili tu. Ndivyo tufanyavyo hata barazani: anayeingia wakati watu wanaongea hujibiwa baada ya kusalimu, wala si kabla.

Sehemu iliyokuwa ngumu zaidi ni ya anayesikiliza, kwa maana watu husahau, na watoto husahau zaidi. Yaya alijifunza kuzisoma dalili. Mdogo wetu wa kike huandika "bjr" na "cv" na kuruka irabu. Mama hutumia sentensi nzima, na husema jioni tu. Koko hamalizi kabla ya kuwataja wote wanaokusalimu, mmoja mmoja, hata mbuzi. Mwandiko ukibadilika ghafla, yaya hatangazi kwamba amegundua. Humpokea mpya kwa salamu, kana kwamba mlango umefunguliwa na mtu mwingine ameingia: "Aksanti mama, jambo. Shamba linaendaje?" Kama amekosea, kosa ni dogo; anayejibu atasema tu, "Mama yuko jikoni, ni mimi," na hakuna aliyeaibika.

Akiwa na shaka, huuliza habari za mtu badala ya kuuliza jina: "Koko anaendeleaje?" Kama ni koko mwenyewe, atajibu, "Mimi niko, mjukuu wangu." Kama si yeye, atapewa habari zake. Na habari nzito, ya ugonjwa, ya msiba au ya pesa, haitoki mpaka swali la namna hiyo limejibiwa.

Njia hiyo ilipimwa katika mwezi wa tatu wa mwaka 2025, siku zile ambapo waasi wa M23 waliingia Walikale-centre na hatukuwa na usingizi. Kutoka namba ya Omate ulifika ujumbe bila salamu: "Tuma pesa upesi, kuna shida." Hapakuwa na "mama", hapakuwa na "wadogo zangu". Mmoja wetu alitaka kuandika, "Wewe mwizi, simu umeipata wapi?" Mama akakataa. Akasema tuandike: "Hamjambo hapo? Koko anawasalimu. Mguu wa mtoto wetu unaendeleaje?"

Tulingoja karibu saa nzima. Jibu likaja: "Jambo mama. Mimi ni mwenzake wa shimo. Yeye yuko hapa, mguu umerudi kuuma, hakuweza kupanda kilima. Amenituma." Yule kijana hakuwa mwizi. Hakujua kutuita, basi. Kama tungemtukana, pengine asingepanda kilima mara ya pili, nasi tungebaki gizani katika wiki ile.

Hatusemi kwamba salamu humkamata mwongo. Mtu aliyeishi karibu na yaya angeweza kuyajua majina yetu yote, ndiyo maana pesa hatukutuma kabla ya kuisikia sauti yake yaya mwenyewe siku iliyofuata. Lakini salamu ilitupa muda wa kujua bila kumjeruhi asiye na hatia.

Koko amerudi kutuma salamu. Juzi aliagiza ujumbe, na kabla mjukuu hajaandika neno lolote akamkumbusha: "Anza na 'mjukuu wangu', ili ajue mlango umefunguliwa na nani."