"Huenda" Moja Inatosha

Kuna sentensi moja kwenye tasnifu yangu iliyonitoa jasho. Ilikuwa hii: "Sheng imeharibu Kiswahili cha vijana wa Kenya." Manze, niliipenda! Niliiandika nikiwa ndani ya matatu kutoka Thika, na kufika Ruiru nilikuwa nishaipigia mstari.

Msimamizi wangu akaizungushia wino mwekundu na kuandika maneno mawili tu: "Wote? Umejuaje?"

Ukweli ni kwamba sikuwa najua. Nilichokuwa nacho ni insha 40 za kidato cha pili, 20 za shule moja ya Ruiru na 20 za shule moja ya Thika. Insha 26 zilikuwa na angalau neno moja la Sheng. Basi, hiyo ndiyo mali yangu yote. Sasa angalia sentensi yangu ilivyojigamba. "Vijana wa Kenya" ni mamilioni ya watu. "Imeharibu" nayo, kwa ile -me-, inasema uharibifu umeshakamilika na mhalifu amejulikana. Na mimi nilihesabu maneno tu. Uharibifu sikuupima.

Nikaenda kurekebisha, lakini nikaogopa kupita kiasi. Nikaandika: "Huenda labda inawezekana kwamba Sheng, kwa namna moja au nyingine, ina uwezo wa kuathiri uandishi wa baadhi ya vijana." Nikajiambia hapa hakuna mtu wa kunishika.

Daktari akaisoma kwa sauti, akanyamaza kidogo.

"Hii siwezi kuipinga," akasema. "Lakini pia hujaniambia kitu."

"Si ulisema nisiwe na uhakika sana, Daktari?"

"Nilisema uhakika wako utoshane na data yako. Hebu nionyeshe: gani umehesabu, na gani unakisia?"

Hilo swali ndilo lilinifungua macho. Nilichohesabu hakihitaji "huenda" hata moja. Ukiandika "huenda insha 26 zilikuwa na Sheng," msomaji atajiuliza kama unajua kuhesabu. Hapo unasema kavu: zilikuwa 26 kati ya 40.

Shaka inaanza unapoeleza kwa nini. Kati ya zile 26, 16 zilitoka Ruiru na 10 Thika. Mimi tayari nilikuwa na jibu: Ruiru iko karibu na Nairobi, kwa hivyo Sheng imewaingia zaidi. Inaingia akilini, ama? Kisha nikarudi kwenye insha zenyewe. Wa Ruiru waliandika kuhusu safari ya matatu, na wengi wakaweka makanga akiongea. Wa Thika waliandika kuhusu usafi wa mazingira. Makanga wa insha ataongeaje bila Sheng? Kumbe tofauti ingeweza kuwa imeletwa na mada, wala si mji.

Mwishowe niliandika hivi: "Maneno ya Sheng yalipatikana katika insha 26 kati ya 40 zilizochunguzwa, 16 za Ruiru na 10 za Thika. Huenda ukaribu na Nairobi ulichangia tofauti hii, lakini mada za insha hazikuwa sawa, kwa hivyo data hii haiwezi kutenganisha athari ya mji na athari ya mada." Ona, "huenda" ni moja tu, imekaa pale pale nisipojua, na sababu ya kutojua iko kando yake. Mtu akitaka kunipinga anajua aanzie wapi: awape wote mada moja.

Baada ya hapo nilipitia sura nzima nikitafuta vitenzi viwili vinavyodanganya kimya kimya. Cha kwanza ni kile chenye hu-. "Sheng huathiri uandishi" inamaanisha ni kawaida, popote, kila siku, na mimi niliona insha za shule mbili tu. Cha pili ni "inaweza." Ukisema "mwanafunzi anaweza kuandika bila Sheng," unamaanisha ana uwezo huo ama kuna uwezekano atafanya hivyo? Kama ni uwezo, andika "ana uwezo." Kama ni kukisia, andika "huenda."

Na usifikirie haya ni mambo ya kutafuta maksi tu. Mwalimu wa Ruiru aliyenipa zile insha alikuwa ameniomba nakala ya matokeo, aone kama atapiga marufuku Sheng hadi kwenye mazungumzo ya wahusika. Ningempelekea ile "imeharibu" yangu, watoto wangekatwa alama kwa sababu makanga wao aliongea kama makanga. Nilimpelekea ile ya mwisho. Akaisoma, akaniuliza: "Kwa hivyo niwape mada gani muhula ujao?"

Hilo ndilo swali data yangu ilistahili kuulizwa.