Barua kutoka Leeds: Refa Kauzwa, au Yuko Mbali?



Ile video ya ndondo mliyonitumia, refa akikimbizwa huku mtu akipiga kelele "kauzwa huyo!", imeniudhi. Mimi huku Jumapili napuliza kipyenga, na msidhani Waingereza ni malaika. Wanafoka nao. Ila mchezaji wa huku akimfokea refa, anatolewa nje kwa muda. Wa kwetu anapata washangiliaji.

Kozi ya kuanzia inampokea hata kijana wa miaka 14: sheria, mazoezi ya uwanjani, ulinzi wa watoto. Mbio ngumu ni za ngazi za juu. Kipimo cha FIFA kwa marefa wanaume kina mbio fupi sita za mita 40, kila moja isizidi sekunde 6. Halafu unakimbia mita 75 kwa sekunde 15, unatembea 25 kwa sekunde 18, mara 40 mfululizo. Ndivyo mechi ilivyo: unavuta pumzi kidogo, mara kipa karusha mpira mbele na mbio zinaanza upya.

Hapo ndipo hasira zinapozaliwa. Chukulia kona imeokolewa, straika katoroka na beki nyuma yake, kaanguka kwenye boksi. Ukiwa mita 40 nyuma unaona migongo miwili tu. Ukikata mshazari hadi pembeni yao, unaona mwanya kati ya mguu wa beki na mpira, na kwamba beki kagusa mpira kwanza, bila kumuumiza mtu. Ukiashiria "cheza" ukiwa mita 15, straika atanung'unika na kuinuka. Ukiashiria kutoka katikati ya uwanja, atakujia na wenzake watano, na kusema kweli wana hoja.

Wakija, usirudi kinyumenyume na usimguse mtu. Sogea pembeni hadi uwaone wote mbele yako, umwite nahodha peke yake, kadi itoke baadaye. Mnung'uniko mmoja uache upite. Mchezaji akiendelea kupinga kwa makelele, ligi za chini za Uingereza tangu msimu wa 2019/20 zina dawa: kadi ya njano, mikono yote miwili inaonyesha pembeni, na anakaa nje dakika 10 za mechi ya dakika 90. Timu inacheza pungufu. Kazi ya kumkaripia wanaifanya wenzake, tena kwa ukali zaidi ya wako! Tusi lenyewe ni jambo jingine: hilo ni nyekundu moja kwa moja.

Sasa nyie waandaaji wa ndondo, mna hela za jezi, spika na ng'ombe wa bingwa, lakini refa mnamwacha peke yake na filimbi. Sheria za soka zinaruhusu adhabu hii ya kukaa nje kwa muda kwa soka la mitaani, shirikisho la nchi likikubali. Liombeni kabla ya droo. Gharama yake ni kiti kimoja pembeni na mtu mwenye saa.