Bomba Kavu Halivuji: Hotuba ya Matokeo ya Mwaka Mbele ya Mafundi na Wasoma Dira

Mwaka wa fedha wa mashirika mengi ya umma nchini Tanzania huanza Julai 1 na kufungwa Juni 30, na kwa sababu hiyo hotuba ambayo mkurugenzi mtendaji wa mamlaka ya maji huwasomea wafanyakazi wote matokeo ya mwaka huangukia mwezi Agosti au Septemba, wakati vitabu vya hesabu vimekwisha kufungwa lakini wakaguzi hawajamaliza kazi yao. Mwandishi wa kumbukumbu hizi aliitoa hotuba hiyo miaka kadhaa mfululizo akiwa mkuu wa mamlaka ya mji mmoja wa wastani, na katika kazi zake zote za uongozi hakuna iliyomfundisha zaidi maana ya takwimu kuliko hiyo, kwa kuwa waliokuwa wakimsikiliza ndio waliozitengeneza takwimu zenyewe kwa mikono yao.

Matokeo yalipangwa kwa kufuata kadi ya alama, yaani karatasi moja inayoonyesha malengo ya shirika, kipimo cha kila lengo, kiwango kilichotarajiwa na kiwango kilichofikiwa. Utaratibu huo ulielezwa na Robert Kaplan na David Norton katika jarida la Harvard Business Review mwaka 1992, wakisisitiza kwamba shirika lisijipime kwa fedha peke yake, bali lijitazame pia kwa macho ya mteja, kwa namna kazi zake za ndani zinavyokwenda, na kwa uwezo wake wa kujifunza na kukua. Baadhi ya mashirika ya umma hupandisha kipengele cha mteja juu ya kile cha fedha, kwa sababu yanaanzishwa ili kuhudumia na si kugawana faida, na mamlaka hiyo nayo ilifanya hivyo.

Kadi iliyokwenda kwenye bodi ya wakurugenzi ilikuwa na vipimo 23. Katika mwaka wake wa kwanza mwandishi aliwasomea wafanyakazi vyote, kimoja baada ya kingine, na kufikia cha tisa walinzi na madereva waliokuwa nyuma, ndani ya karakana ambamo hotuba ilisomwa, walikuwa wakizungumza mambo yao. Kosa lilikuwa la msomaji, maana alikuwa amewaletea lugha ya bodi bila kuitafsiri. Tangu hapo alichagua vipimo vinne tu vya kusemwa kwa mdomo, na kila kimoja alikigeuza kuwa swali ambalo mke wa fundi angeweza kumwuliza mumewe nyumbani: maji yalitoka kwa saa ngapi kwa siku, ni mangapi yaliyopotea njiani, waliotumiwa ankara walilipa kiasi gani, na mafundi waliahidiwa mafunzo gani na wakapata yapi. Vilivyobaki vilibandikwa kwenye ubao wa matangazo kwa anayetaka kuvisoma.

Kipimo kilichohitaji uangalifu kuliko vyote kilikuwa cha upotevu wa maji. Upotevu ni tofauti kati ya maji yaliyozalishwa na yale yaliyotozwa kwenye ankara, ikigawanywa kwa yaliyozalishwa na kuandikwa kwa asilimia, na ndani yake mna mambo mawili yasiyofanana. Kuna maji yanayomwagika kweli, kutokana na mabomba yaliyopasuka, viungio vilivyolegea na matangi yanayofurika usiku, na kuna maji yaliyofika kwa mtumiaji lakini hayakuhesabiwa, kwa sababu dira imezeeka na inazunguka polepole, msoma dira amekadiria badala ya kusoma, au mtu amejiunganishia bomba kinyemela.

Katika mwaka unaosimuliwa hapa mamlaka ilizalisha wastani wa uniti 10,000 kwa siku, na kwa kuwa uniti moja ni lita 1,000, hizo ni ndoo 500,000 za lita 20. Ankara zilibeba uniti 6,200. Ndoo kumi tupu zilipangwa mstari mbele ya wafanyakazi, na mkurugenzi akazisogeza pembeni nne kasoro kidogo, akieleza kwamba kati ya kila ndoo kumi zilizosukumwa kutoka kwenye chanzo, zikatiwa dawa na kulipiwa umeme, hizo nne hazikumrudishia mtu hata shilingi. Kisha akatangaza habari njema: mwaka uliotangulia upotevu ulikuwa asilimia 41, sasa ulikuwa 38, na lengo la 38 lilikuwa limefikiwa. Kwenye kadi, mahali ambapo rangi tatu za taa za barabarani hutumika kuonyesha hali ya kila lengo, upotevu ulikuwa umepakwa kijani, na karakana ikapiga makofi.

Fundi mmoja mzee wa kutafuta mivujo, ambaye kwa miaka mingi alizunguka mji usiku akiwa na fimbo ya chuma ya kusikilizia, akiiegemeza kwenye valvu na kutega sikio juu yake ili asikie maji yanavyovuma chini ya ardhi, aliomba nafasi. Alisema kwa utaratibu, bila kunyanyua sauti: «Mkurugenzi, samahani. Bomba kavu halivuji.»

Maneno hayo matatu yaliibomoa sehemu nzuri kuliko zote ya hotuba, na yaliibomoa kwa haki. Mota ya pampu moja kati ya tatu ilikuwa imeungua mapema mwaka huo na kukaa miezi mingi ikisubiri kusukwa upya, uzalishaji ukashuka kutoka uniti 12,000 kwa siku hadi 10,000, na wastani wa saa za maji mjini ukaanguka kutoka 18 hadi 14. Bomba lenye tundu humwaga maji pale tu linapokuwa na maji yenye msukumo, na kila saa ambayo mji ulikaa mkavu ilikuwa saa ambayo matundu yote yalipumzika. Asilimia ilikuwa imeshuka, lakini hapakuwa na ushahidi kwamba hata tundu moja la ziada lilikuwa limezibwa.

Mhandisi wa uzalishaji alikokotoa hapo hapo nyuma ya karatasi ya ratiba, naye mkurugenzi akayasoma matokeo kwa sauti. Mwaka uliotangulia zilipotea uniti 4,920 kwa siku, ambazo zikigawanywa kwa saa 18 za maji zinakuwa kama uniti 273 kwa kila saa. Mwaka huo zilipotea uniti 3,800, ambazo kwa saa 14 zinakuwa kama 271. Tofauti ya uniti mbili ni ndogo kuliko kosa la dira kubwa ya pale kwenye chanzo, na hivyo kwa lugha ya kweli mtandao wa mabomba ulikuwa pale pale ulipokuwa. Hesabu hiyo nayo ina mipaka yake, na ni haki kuieleza: maji yanayopotea kwa dira chakavu au kwa wizi hayafuati saa za msukumo kwa namna ileile, maana mwizi huweza kujaza tangi lake katika saa chache zilizopo, na hewa inayotangulia maji yanaporudi baada ya mgawo huzungusha dira za wateja na kuwaandikia uniti ambazo hawakuzipata. Hata hivyo, katika mji ambao wengi wa waliofukua mabomba walikuwa wakikuta udongo umelowa, ilikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko asilimia.

Jambo hilo lilikuwa na uzito wa pekee kwa sababu posho ya motisha ya mwisho wa mwaka ilikuwa imefungwa kwenye rangi ya kijani, na kila aliyekuwa karakana pale alijua kwamba kauli ya mzee ingeweza kumgharimu. Mwandishi alishikilia msimamo, na bado anaushikilia, kwamba ahadi iliyotolewa kwa kipimo kilichokubaliwa hulipwa kwa kipimo hichohicho. Bodi ilipopelekewa hesabu zote mbili iliafiki, posho ikatoka, na upotevu kwa kila saa ya maji ukaingizwa kwenye kadi ya mwaka uliofuata. Rangi kwenye ubao wa karakana ilibadilishwa siku ileile kuwa ya njano. Kama mzee yule angenyamaza kwa kuihofia posho ya wenzake, mamlaka ingeingia mwaka mpya ikiamini kwamba imepona ugonjwa ambao haikuwa imeutibu, na pengine ingepunguza kikosi cha usiku kwa kudhani kazi yake imekwisha.

Kauli ile ilimfanya mkurugenzi akirudie kipimo cha makusanyo kabla hajaulizwa. Makusanyo hupimwa kwa kugawanya fedha zilizolipwa kwa ankara zilizotumwa, na kadi ilionyesha asilimia 95, kwa maana ya shilingi bilioni 3.8 kati ya bilioni 4. Ndani ya fedha hizo, hata hivyo, mlikuwa na shilingi milioni 400 za madeni ya miaka ya nyuma, yaliyolipwa na taasisi za umma wiki za mwisho za Juni, zilipokuwa zikimaliza bajeti zao. Madeni hayo yakiwekwa pembeni, wateja walikuwa wamelipa bilioni 3.4 za ankara za mwaka huo, ambayo ni asilimia 85. Wahasibu hawakuwa wamedanganya, kwani fedha zilikuwa benki. Kilichokosekana ni kutenganisha deni lililofufuka na ankara ya mwezi huu, na wafanyakazi wa dawati la wateja, waliokuwa wakishangaa kuambiwa kwamba karibu kila mtu analipa ilhali orodha yao ya kukatiwa maji ilikuwa ikirefuka, walielewa mara moja.

Kuhusu saa za maji mkurugenzi alisema machache, kwa kuwa wengi wa waliomsikiliza walikuwa wakiishi katika mji huohuo na walijua kwamba wastani wa saa 14 ulichanganya mitaa ya bondeni iliyopata maji karibu mchana na usiku na ile ya mlimani iliyopata siku chache kwa wiki. Mafunzo ya mafundi yalikuwa nusu ya yaliyoahidiwa, na hilo lilisemwa hivyo hivyo.

Mwaka uliofuata mota ilirudi, uzalishaji ukapanda tena hadi uniti 12,000, na mji ukapata saa 18. Asilimia ya upotevu, iliyokuwa bado kwenye kadi ya bodi, ilipanda kutoka 38 hadi 39 na kupakwa nyekundu. Zilikuwa zimepotea uniti 4,680 kwa siku, ambazo kwa saa 18 ni uniti 260 kwa kila saa, pungufu ya 271 za mwaka wa pampu mbovu na ya 273 za mwaka uliotangulia, wakati pampu zote tatu zilipokuwa zikifanya kazi kama sasa. Kikosi cha usiku kilikuwa kimebadilisha viungio vya bomba kuu la sokoni na kuziba mivujo ambayo hakuna aliyewahi kuiona juu ya ardhi. Mkurugenzi aliianza hotuba kwa kumwita mzee wa fimbo ya chuma aje mbele, akamkabidhi chaki, na kumwomba ayaandike yeye mwenyewe ubaoni, 273, 271 na 260, kabla ya neno lolote la bodi kusomwa.