Chenji ya Alfajiri

Nilipomaliza eda, miezi minne na siku kumi, kodi ya chumba ilikuwa imebakiza wiki tatu. Nikaanza kuuza chai na vitumbua kituoni Mbagala Rangi Tatu. Mchele naloweka mchana, jioni nasaga na kutia hamira, saa nane usiku nawasha jiko. Saa kumi na nusu nimeshapanga vikombe.

Mkaa na mchele nilivipata. Kilichonitesa ni chenji. Siku ya kwanza fundi mmoja alikula vitumbua vitatu na chai, shilingi 900, akatoa noti ya 10,000. Saa zile hakuna duka lililo wazi. Daladala ikapiga honi. "Kesho, mama!" akarukia mlangoni, na noti yake mkononi.

Konda wa gari la pili akacheka. "Mama, mimi sarafu za jana usiku zinanitoboa mfuko."

Tukaelewana. Kila alfajiri ananimwagia sarafu za 10,000, nami nampa noti na chai ya bure. Chai moja inaokoa wateja kumi.

Wiki ya tatu nililipa kodi kwa noti tupu. Sarafu sikuzigusa. Hizo ni za kesho.