Mama Yule Alilalaje?

Kabla ya kwenda Adis Ababa nilimwomba mwenzangu wa kazini, Mwethiopia, anifundishe salamu ya asubuhi. Akanipa moja: "Indemin aderk?" Yaani, umelalaje? Nikaikariri mpaka ndani ya ndege.

Asubuhi ya kwanza nikamsalimia nayo mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akiuza kahawa kando ya barabara, jebena yake juu ya mkaa. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kijana aliyekaa pembeni kwenye kigoda akanieleza kwa Kiingereza: umemsalimia kama mwanamume, tena kama rika lako.

Kiswahili kilikuwa kimenilemaza. Kwetu "umelalaje" haichagui mke wala mume. Kiamhari kinachagua: mwanamume unamwambia "aderk", mwanamke "adersh", na mtu wa kuheshimiwa, awe mke au mume, "aderu". Mwenzangu alinipa ile ambayo ningemsalimia yeye. Na mimi sikumuuliza, je, nikikutana na mama?

Kesho yake nikarudi. "Indemin aderu?" Safari hii hakucheka. Aliinamisha kichwa kidogo, akajibu "Igziabher yimesgen", Mungu ashukuriwe, kisha akaendelea kuongea, taratibu, kama mtu anayesimulia jambo. Yule kijana hakuwepo. Nilibaki natikisa kichwa tu, kahawa inapoa mkononi.

Nilikuwa nimejifunza kuuliza, basi. Mpaka leo sijui mama yule alilalaje.